Maneno ya Chini ya Selfi

Miwani ya kwanza ya mtu mzima ni habari ya mtaa. Mtoto akivaa, watu humhurumia kidogo. Mzee akivaa, hakuna anayegeuza shingo. Lakini mwanamke wa miaka thelathini na kitu, karani anayepima kakao za watu, anayefahamika kuanzia Ipinda hadi soko la vyungu la Lyulilo, akitokea ghafla na fremu nyeusi puani, kila mmoja atakuwa na neno lake. Nililijua hilo. Ndiyo maana, nikirudi kutoka Mbeya, niliivua miwani garini kabla hatujafika Ipinda, nikaifungia kwenye kasha lake, nikaingia Matema kama nilivyotoka, bila kumwona mtu yeyote sawasawa.

Usiku huo nikapanga jambo. Badala ya kuchekwa njiani, uso kwa uso, kwa awamu, nitajiweka mwenyewe kwenye stetasi ya WhatsApp. Stetasi hukaa saa 24 kisha hupotea. Wacheke huko, wamalize, nami nikitoka nje nikute kicheko kimeshapoa. Kilichobaki kilikuwa picha na maneno mafupi ya kuiwekea chini. Picha niliiona ndiyo kazi. Maneno niliyachukulia kama kitu cha kumalizia tu. Ikawa kinyume, na kwa nini ikawa kinyume ndiyo habari ninayotaka kuisimulia. Lakini kwanza macho yenyewe.

Mimi sikujua kwamba sioni. Asiyeona mbali hajui kuna mbali pa kuonwa. Anadhani dunia ya kila mtu huishia kwenye ukungu. Na kazi yangu ilinificha. Siku nzima nasoma mizani, nachambua punje za kakao kiganjani kuona kama zimeota ukungu au zimekauka vizuri, naandika kilo kwenye daftari la chama. Vyote hivyo viko karibu, na karibu naona kuliko wengi. Aliyenishtukia ni mtaalamu wa macho kule Mbeya, nilipompeleka shangazi yangu kuangaliwa mtoto wa jicho. Alinikuta nimekunja macho nikisoma bango la ukutani, akaniambia, "Dada, na wewe kaa hapa."

Ubao wa herufi ulikuwa mita 6 mbele yangu. Ile herufi kubwa ya juu kabisa niliisoma, na mstari uliofuata kwa kubahatisha, kisha ikawa michirizi tu. Akaandika 6/36. Nikamuuliza maana yake. Akanieleza kwamba mstari wa mwisho niliouweza kwa mita 6, mtu mwenye macho mazima angeusoma akiwa umbali wa mita 36. Kisha akanivika fremu ya majaribio, ile nzito ya duara inayomfanya mtu afanane na fundi saa, akaanza kubadilisha vioo: "Hii au hii? Ya kwanza au ya pili?" Mwisho akanionyesha herufi juu ya rangi nyekundu na juu ya kijani, nimwambie zipi zimekolea zaidi. Kwa anayehitaji kioo cha kutoa, herufi za kwenye nyekundu zikikolea, kioo bado hakijatosha. Zile za kijani zikikolea, kimezidi. Mpimaji mzuri hutafuta zilingane, wala hakimbilii kioo kinachomfanya mteja aseme "Safi!" Kioo kilichozidi nacho huonyesha herufi vizuri sana, kisha humlipa mvaaji kwa kichwa kuuma jioni, maana jicho hulazimika kufanya kazi siku nzima kukifidia.

Nikatoka na −2.25 jicho la kulia na −2.00 la kushoto. Alama ile ya kutoa ndiyo inayosema kwamba tatizo ni la mbali. Namba yenyewe ina siri nzuri ambayo ningependa kila anayepewa karatasi ya macho aijue: gawanya 1 kwa namba hiyo utapata, kwa mita, mahali ambapo uoni wako safi unaishia. Moja gawanya kwa 2.25 ni kama 0.44. Sentimita 44. Dunia yangu safi ilikuwa inaishia kwenye ncha za vidole vyangu kabla hata sijanyoosha mkono wote. Mizani ilikuwa ndani ya dunia hiyo. Watu walikuwa nje.

Hapo nikaanza kuelewa mambo mengi ya nyuma, na moja lilinigusa kuliko yote. Kwetu Unyakyusa salamu si jambo la kupita nalo. Mtu huanza kukusalimu ukiwa bado mbali, anainua mkono kutoka upande wa pili wa shamba la mpunga, anangoja umrudishie. Mimi nilikuwa sirudishi. Nilikuwa napita mbele ya wamama wanaoanika usipa, wananiita kwa mkono, nami natazama mbele kama malkia. Kwa miaka jina langu lilikuwa "yule mwenye maringo," na mimi nikaona ni husuda ya kazi ya ukarani.

Nilipomsimulia Bibi, alicheka hadi akakaa chini. Yeye ni wa kizazi kilichoishika miiko ya ukwe kwa mikono miwili. Zamani mkamwana wa Kinyakyusa hakutakiwa kukutana na baba mkwe wake ana kwa ana. Akimwona anakuja kwa mbali, aliacha njia, akajificha au akajifunika. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu wa mila waliokaa na watu wetu katika miaka ya 1930, waliiandika desturi hiyo kwa kirefu. Ila sidhani kama waliwahi kuulizana mkamwana asiyeona mbali alifanyaje. Bibi alikuwa na jibu. "Wewe," akasema, "afadhali hukuolewa enzi zetu. Ungemkanyaga mkweo vidole ndipo ungejua amefika."

Sasa picha.

Nilikwenda ufukweni jioni, na wakati huo haukuwa wa bahati nasibu. Matema iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta. Asubuhi jua linachomoza nyuma ya milima hiyo. Ukijipiga picha na mlima mgongoni, uso unakuwa mweusi na mlima unakuwa kivuli. Baada ya saa kumi jua liko magharibi: linapiga uso wako na linapiga mlima pia, mabonde yote yanatokeza. Kila mpiga picha wa harusi wa hapa anajua.

Lakini miwani ina visa vyake. Picha ya kwanza ilikuwa na mistatili miwili myeupe mahali pa macho: kioo cha simu yangu mwenyewe kimejiangalia kwenye lenzi. Hili lina dawa. Punguza mwanga wa simu, geuza uso kidogo pembeni usielekee jua moja kwa moja, kisha inua mikono ya miwani juu kidogo ya masikio, kiasi cha upana wa kalamu. Lenzi zinainama, na mng'ao unaelekea kifuani badala ya kurudi kwenye kamera. Kwenye picha hakuna atakayejua kwamba miwani imeinuliwa. Mwako mdogo wa kijani au zambarau unaobaki kwenye lenzi ni wa ule mpako wa kuzuia mng'ao, na huo ukubali tu.

Jambo la pili lilikuwa pua. Nilijitazama nikasema, hii fremu imenipa pua ya mtu mwingine. Haikuwa fremu. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu nayo sana kuliko masikio, kwa hiyo kamera inaikuza. Madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walilipigia hesabu jambo hili mwaka 2018, wakakuta kwamba kwa umbali huo pua huonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Walifanya hesabu hiyo kwa sababu wateja walikuwa wanawajia na selfi mkononi wakitaka pua zipunguzwe. Mimi nilipunguza yangu bure: niliegemeza simu kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikaweka muda wa kujipiga, nikarudi nyuma hatua chache.

Na bado uso ule haukuwa wangu. Njia ya nywele niliyoigawa kushoto ilionekana iko kulia, na tabasamu limekwenda upande usio wake. Hapa pia kuna sababu. Sisi huzijua sura zetu kutoka kwenye kioo, ambako kushoto na kulia vimegeuzwa. Picha humwonyesha mtu kama wengine wanavyomwona. Mwaka 1977 watafiti waliwaonyesha wanawake picha zao za aina mbili, moja ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Wengi walipenda ile ya kioo. Marafiki zao walipenda ile nyingine. Kila mmoja alichagua sura aliyoizoea. Kwa hiyo mtu anayeitazama selfi yake na kusema "nimetoka vibaya" hasemi uongo, ila wanaomfahamu hawauoni ubaya huo. Ongeza miwani mipya juu ya sura iliyogeuzwa na utaona kwa nini watu hufuta picha nyingi hivi.

Picha nikaipata. Nimesimama, ziwa upande mmoja, mlima nyuma, fremu nyeusi, macho yanaonekana. Nikakaa mchangani kuandika maneno, na jua likazama nikiwa bado nimekaa.

Cha kwanza nilichoandika ni "Msinicheke jamani," pamoja na ile emoji ya nyani aliyeziba macho. Nikayasoma tena. Mtu hajacheka bado, nami nimeshamwomba asicheke, maana yake nimemwonyesha pa kuchekea. Na anayenipenda nimemtwisha kazi: itabidi aandike "Umependeza mpenzi" apende asipende. Aibu ya kwanza ina tabia hiyo. Inajifanya imejificha, kumbe imesimama mlangoni ikiomba sadaka. Tena nyani wa kuziba macho, kwa mtu aliyetoka kuyafungua!

Nikafuta, nikaandika "Macho manne, akili ileile." Hii ilinichekesha mwenyewe, na nadhani ingewachekesha wengi. Ni mzaha halali: nimetangulia kusema kile ambacho wangesema. Kwa mtu mwenye haya hiyo ni silaha ya zamani na inafanya kazi, sitaidharau. Lakini tazama anayelipia. Kicheko kinapatikana kwa kuniteremsha mimi, na kila atakayejibu itabidi aendelee pale nilipoachia, kwenye akili yangu. Nilijua kabisa nani ataandika "Akili gani?" Shemeji yangu, mume wa dada yangu aliye Dar es Salaam.

Ya tatu ilikuwa ndefu: "Wote niliowapita bila salamu, sikuwa naringa, nilikuwa sioni." Hii niliipenda, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko zote. Lakini ni maneno ya kizimbani. Yanataka kufutiwa mashtaka. Tena wanaostahili kuyasikia, wale wamama wa usipa, wengi wao hawana simu ya stetasi. Kuwaomba radhi mahali ambapo hawapo ni kujiombea sifa kwa wengine. Salamu inalipwa kwa salamu, kwa mdomo, njiani.

Mwanamke wa Kiswahili anaijua shida hii tangu zamani, maana kanga ni picha yenye maneno chini. Jina la kanga limeandikwa kwa herufi kubwa, linapita sokoni mgongoni mwa mtu, halimtaji yeyote, na kila mmoja anajiuliza ni yeye anayesemwa au ni jirani. Anayejua kununua kanga hachagui rangi peke yake, anauliza: haya maneno nayaelekeza kwa nani? Nilijiuliza swali hilo pale mchangani, nikaona kwamba maneno yangu yote matatu yalikuwa yameelekezwa kwa watu wanaonitazama. Yalikuwa yanazungumzia ninavyoonekana. Nami nilikuwa nimenunua kifaa cha kuonea.

Nikanyanyua uso nikatazama nilichokuwa nimekipa mgongo. Nimezaliwa chini ya mlima ule. Kwangu ulikuwa rangi ya bluu inayoanzia kwenye migomba na kuishia mawinguni, basi. Nilikuwa nasikia kwamba Wakinga wanateremka kutoka juu kwa miguu na mizigo yao, nikaamini, kama mtu anavyoamini habari za nchi za mbali. Sasa mwanga wa mwisho ulikuwa unaupiga ubavu wa mlima, na pale katikati ya majani niliona mstari mwembamba, wa udongo mwekundu, unapanda, unakata kona, unapotea nyuma ya mwamba, unatokea tena juu yake. Ilikuwa njia. Watu wote wa Matema walikuwa wanaiona kila siku.

Nikaandika: "Kumbe mlimani kuna njia."

Nikaipandisha kabla sijaanza kufikiri tena.

Sitaki kuyapamba maneno hayo manne kuliko yalivyo. Ila nimefikiria baadaye kwa nini yalinitosha. Mzaha umo bado, mzaha wa mtu mzima kugundua kitu kinachojulikana na watoto. Haya zangu hazijafichwa. Lakini haziombi kitu. Hakuna mahali ambapo msomaji analazimika kunifariji au kunipima. Miwani haitajwi kabisa, na haikuwa na haja ya kutajwa, kwa sababu iko puani pangu katikati ya picha. Maneno yanayorudia kile picha inachokionyesha tayari huwa yanasaidia mashaka ya mwandishi, hayaisaidii picha.

Majibu yalikuja. Wachache waliniita "Mama Samia wa Matema," jambo ambalo sikuliona tusi. Wengine walitaka kujua fremu imenunuliwa duka gani. Kulikuwa na walioelewa mara moja, na walioandika "Njia gani?" Kilichonishangaza ni ujumbe wa faragha kutoka kwa watu ambao nimekuwa nao miaka mingi. Mwalimu mmoja wa kule Ipinda akaniambia anayo miwani tangu chuoni, iko kabatini, huivaa usiku akisahihisha madaftari kwa kuwa wanafunzi walimwita bundi. Kwa tatizo lake, ambalo ni la mbali kama langu, usiku kwenye madaftari ndipo asipoihitaji.

Hayuko peke yake. Upo utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008. Wanafunzi wenye uoni hafifu wa mbali waligawanywa: baadhi ya shule walipewa miwani bure, nyingine walipewa karatasi ya vipimo wakanunue wenyewe. Baada ya miezi 3 watafiti walirudi. Katika kundi la karatasi, asilimia 26 tu ndio waliokutwa wameivaa au wanayo shuleni. Ungetegemea wale wa bure wawe karibu wote. Walikuwa asilimia 47. Fedha zilikuwa zimeondolewa kabisa kwenye njia yao, na bado zaidi ya nusu hawakuwa na miwani shuleni. Huwezi kuwauliza wote kwa nini, lakini mtu aliyevua yake garini karibu na Ipinda ana dhana yake.

Mwalimu yule nilimwandikia jambo moja la kiufundi badala ya kumtia moyo, maana moyo aliutiwa na wengi. Nilimwambia asianze na darasa. Mtu akivaa miwani mipya, au ya zamani iliyokaa kabatini, siku za mwanzo sakafu inaonekana imeinama na ngazi zinakuja mapema kuliko mguu. Hiyo kwa kawaida hupita, ubongo ukizoea. Sasa ukianza nayo mbele ya wanafunzi arobaini, utatembea kama mlevi, watacheka, nawe utadhani wanacheka sura. Aizoee nyumbani kwanza, jioni, akitazama vitu vya mbali. Ikiwa baada ya wiki mbili kichwa bado kinauma, kosa si lake, arudi kupimwa. Namba za chuoni huenda zimebadilika. Na kwa joto letu la Kyela, ambapo jasho huishusha miwani hadi kwenye ncha ya pua, aombe dukani wambanie vile vishikio vidogo vya puani na kukunja zaidi mikono nyuma ya masikio. Ni kazi ya dakika chache, na mengi yanayoitwa aibu ya miwani ni miwani isiyokaa tu.

Asubuhi nilitoka nayo. Kwenye vichanja vya usipa niliinua mkono mimi kwanza, kutoka mbali, nikaita, "Ndaga!" Mmoja wao akageuka nyuma kutazama ninamsalimu nani.

Shemeji alijibu mwisho kabisa, jioni, stetasi ikikaribia kufutika. Alikuwa ameikuza picha, ameikata, ameniwekea duara jekundu kwenye mlima, ambao kwenye simu ulikuwa umebaki kama doa la kijani kibichi. "Shemeji, nimetafuta hadi nimechoka. Njia yenyewe iko wapi? Mimi naona miwani tu."

"Kapime macho, shemeji," nikamwandikia, nikazima data.